Jerikeni 22 za mafuta hazionekani stoo. Nianzie wapi bila kumharibia mtu jina?

MamaStoo_Mbale (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Nina duka la jumla mjini Mbale, Uganda, na nina wafanyakazi watatu: muuzaji, keshia na mtunza stoo. Tarehe 31 Mei jioni tulihesabu mali, tukakuta jerikeni 64 za mafuta ya kupikia za lita 20. Mwezi wa Juni nilinunua mara tatu, jerikeni 100, kisha 80, kisha 60, na kitabu cha mauzo kinaonyesha kwamba tumeuza 241. Kwa hiyo tarehe 30 Juni nilitarajia kukuta 63, lakini tulipohesabu tulikuta 41. Kwa bei yangu ya kununulia, ambayo ni shilingi 130,000, hiyo ni 2,860,000 iliyoyeyuka.

Kaka yangu anasema niwapange wote watatu mbele ya duka, niwapekue, kisha niite polisi. Jirani ananishauri niwaapishe kwa mganga. Mtunza stoo amekaa nami miaka sita na sitaki kumtazama kama mwizi, lakini pia siwezi kunyamaza. Mpaka sasa sijamwambia mtu yeyote dukani. Wenye uzoefu, nianzie wapi?

Mzee_wa_Kikuubo

Binti yangu, ufunguo wa stoo anao nani? Ikiwa anao mtunza stoo peke yake, basi huna haja ya uchunguzi mrefu, kwa sababu mali haina miguu. Nimefanya biashara Kikuubo kwa miaka mingi, na dawa niliyoitumia ni moja: upungufu unakatwa kwenye mishahara ya wote kwa mafungu sawa. Mwezi unaofuata wenyewe kwa wenyewe wanamtaja mwizi.

Kijana_wa_Busia

Poleni. Sisi huku Busia tuliweka kioo kikubwa kwenye kona, na wateja wanaoficha vitu kwenye mabegi wakapungua sana. Jaribu, ni bei nafuu.

Binti_Arua

Kijana, jerikeni ya lita 20 mteja ataifichaje kwenye begi? Rudi usome swali.

KaratasiKwanza

Mama, umefanya vizuri kutomwambia mtu. Umefanya vibaya jambo moja tu, nalo ni kuiita tofauti hiyo fedha "iliyoyeyuka" kabla hujajua kama mafuta hayo yaliwahi kuwepo. Nimekagua stoo za watu kwa muda mrefu, na upungufu wa kwenye karatasi ni kitu kimoja, wizi ni kitu kingine. Hesabu yako ina namba nne, yaani ulizoanza nazo, ulizonunua, ulizouza na ulizokuta, na kosa katika yoyote kati ya hizo linaweza kuzaa jerikeni 22 bila mtu kugusa kitu.

Anza na karatasi, kwa sababu karatasi hazina jina la kuharibika. Chukua ankara tatu za Juni na uziweke kando ya hati za kupokelea mizigo zenye saini ya mtunza stoo, halafu ulinganishe idadi kwa idadi. Kisha angalia siku mbili za mwisho wa Mei na siku mbili za mwanzo wa Juni: je, kuna mteja aliyelipa Mei akachukua mzigo Juni? Risiti zako za EFRIS zina tarehe, kwa hiyo hilo halihitaji kumuuliza mtu. Baada ya hapo uniambie ile 64 mliipataje. Sanasana 64 ni 4 mara 4 mara 4, na namba nzuri namna hiyo hunitia shaka.

MamaStoo_Mbale

Nimecheka peke yangu. Ni kweli, jerikeni zilipangwa safu nne kwa nne, urefu wa nne, nami mwenyewe ndiye niliyezidisha. Sikushusha rundo.

Mpakiaji_Mstaafu

Basi hapo kuna jambo. Nilibeba mizigo tangu ujana wangu, na ninakwambia kwamba rundo linaweza kuwa na tumbo tupu. Ukitoa jerikeni za katikati kupitia upande wa ukutani, ukuta wa mbele unabaki vilevile na mwenye duka anaendelea kuzidisha. Maana yake ni kwamba ikiwa kuna wizi, huenda ulifanyika Aprili, na wewe unamtafuta mwizi wa Juni. Vilevile huenda hakuna wizi, bali mtu alipanga vibaya tangu mwanzo ili asichoke.

Mzee_wa_Kikuubo

Mnamzungusha mama wa watu. Sijajibiwa swali la ufunguo.

MamaStoo_Mbale

Mzee, funguo ni mbili. Mmoja anao mtunza stoo, na wa pili uko nyumbani kwangu kwenye droo ya kabati la sebuleni. Kaka yangu huutumia baadhi ya Jumapili akija kupokea magari.

Binti_Arua

Yuleyule kaka anayetaka wapangwe mbele ya duka?

MamaStoo_Mbale

Yuleyule. Nimeuandika ujumbe huu nikiwa nimeinamisha kichwa.

AfisaMstaafu_Jinja

Nilifanya kazi katika masuala ya ajira kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nimsahihishe Mzee wa Kikuubo kwa heshima. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi isipokuwa kwa yale ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeyaruhusu, na kuwakata watu watatu kwa kosa ambalo hujui kama lilitendeka, achilia mbali nani alilitenda, ni kuwaadhibu angalau wawili wasio na hatia. Wakienda kwa afisa wa kazi wa wilaya, wewe ndiye utakayekuwa mshtakiwa.

Sheria hiyohiyo inampa mwajiri njia. Ikiwa unafanya uchunguzi na una sababu ya kuamini kwamba unaweza kufichua kosa la kumwachisha mtu kazi, unaweza kumsimamisha kwa nusu mshahara, lakini isizidi wiki nne au muda wa uchunguzi, wowote ulio mfupi. Ukifikia hatua ya kutaka kumwondoa kwa kosa, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umruhusu kuja na mtu mmoja anayemchagua mwenyewe, umpe muda wa kutosha wa kujiandaa, kisha umsikilize kabla hujaamua. Mwajiri asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kulipa mshahara wa wiki nne hata kama kosa lenyewe lilikuwa la kweli.

Kijana_wa_Busia

Hicho cha kumsikiliza mtu kilikuwa kifungu cha 66, nilikisoma chuoni. Lakini tulifundishwa kwamba unamsimamisha bila mshahara.

AfisaMstaafu_Jinja

Ni nusu mshahara, kijana. Na usishikilie sana namba za vifungu, kwa maana chapa mpya ya sheria za nchi imezisogeza. Shika maneno yake.

Ninaongeza tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Sheria inasema kwamba mwajiri asiyetoa adhabu ndani ya siku 15 tangu alipojua kuhusu tukio anahesabika ameiacha haki hiyo, isipokuwa kuwe na sababu zisizo za kawaida. Kwa hiyo uchunguzi wa haki si uchunguzi wa uvivu.

KaratasiKwanza

Hapo mzee wangu tunatofautiana kidogo. Siku 15 zinaanza lini? Mama aligundua pengo la hesabu tarehe 30 Juni, lakini hajui tukio lolote, hajui siku wala mtu. Mimi ninaona saa inaanza pale ushahidi unapomwonyesha tendo la mtu fulani.

AfisaMstaafu_Jinja

Unaweza kuona hivyo, na wakili wa mfanyakazi ataona kwamba ilianza tarehe 30. Nisingependa mama awe wa kujaribiwa. Ushauri wangu ni kwamba aandike tarehe ya kila hatua tangu leo, ili akiulizwa aweze kuonyesha alichokuwa akikitafuta na kwa nini kilichukua muda.

Binti_Arua

Niruhusuni niseme langu, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa keshia katika duka moja la dawa. Siku moja hesabu ilipungua kwa boksi kadhaa za dawa za gharama, na mwenye duka akatupanga watu wanne mbele ya wateja, akapekua mikoba yetu. Hakupata kitu. Jioni picha yangu ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, na maneno chini yake: mjihadhari na huyu. Baada ya wiki tatu ikajulikana kwamba boksi zile zilirudishwa kwa msambazaji kwa sababu muda wake wa matumizi ulikuwa unakaribia kwisha, na aliyezirudisha alisahau kuandika. Niliomba msamaha utolewe kwenye kundi lilelile. Ulitolewa kwangu peke yangu, kwa simu, kwa sauti ya chini. Mpaka leo nikiomba kazi kwenye duka la dawa, kuna mtu anayeikumbuka ile picha.

Mzee_wa_Kikuubo

Pole sana mwanangu. Hilo la picha hata mimi nisingelifanya.

Kijana_wa_Busia

Weka kamera basi, mjadala uishe.

Mpakiaji_Mstaafu

Kamera itakuonyesha mtu akitoka na jerikeni begani. Mimi nilitoka na jerikeni begani kila siku, nilikuwa nikilipwa kwa kazi hiyo. Kamera haikuambii kama ile ina risiti au haina.

Tena kuna mlango ambao hamjautaja. Mteja amelipia jerikeni 40, lori limeegeshwa vibaya, askari wa barabarani anapiga kelele, vijana wanapakia mbiombio na kila mmoja anahesabu zake. Zinapanda 41. Dereva anajua, mtunza stoo hajui, na muuzaji yuko ndani anakata risiti nyingine. Hapo mwizi si mfanyakazi wako kabisa.

KaratasiKwanza

Ndiyo maana ninataka hesabu ya pili kabla ya maswali. Mama, ifanye hivi. Usihesabu mafuta peke yake, kwa kuwa duka zima litajua unachokitafuta na macho yote yatamgeukia mtunza stoo. Chagua bidhaa kumi, mafuta yakiwa mojawapo, na useme kwamba kuanzia sasa mnahesabu bidhaa kumi kila jioni, jambo ambalo duka lolote la jumla linapaswa kulifanya hata pasipo na tatizo. Wahesabu watu wawili, mmoja akiwa si wa stoo, na wasionyeshwe namba ya kitabu, kwa sababu anayejua kwamba kitabu kinasema 63 huziona 63. Rundo lishushwe. Mtunza stoo awepo na atie saini. Ukimfungia nje wakati wa kuhesabu, umekwisha kumshtaki bila kusema neno.

Hesabu ya mwezi inakuambia kwamba kitu kilipotea ndani ya siku 30, wakati watu wote walikuwa kazini. Hesabu ya kila jioni inakuambia kwamba kilipotea Jumanne, na Jumanne unajua nani alikuwepo, gari lipi lilipakia na risiti zipi zilikatwa.

MamaStoo_Mbale (baada ya siku nne)

Wadau, nimerudi. Ninawashukuru. Nilikaa na karatasi usiku mbili.

Kwanza, kuna mteja kutoka mji wa Kumi aliyelipia jerikeni 6 tarehe 31 Mei asubuhi na kuzichukua tarehe 2 Juni. Risiti yake iko kwenye mauzo ya Mei, lakini jerikeni zake zilikuwa kwenye lile rundo nililolizidisha jioni. Nilizihesabu kama zangu ilhali nilikuwa nimekwisha kuziuza. Pengo likashuka hadi 16.

Pili, na hili limeniumiza, ule mzigo wa 80. Ankara inasema 80, nami niliingiza 80 kitabuni. Hati ya kupokelea ina mwandiko wa mtunza stoo: "72 tu, 8 hazikuja," na saini ya dereva iko chini yake. Karatasi hiyo ilikuwa kwenye faili langu, na mimi ndiye niliyeifungia bila kuisoma. Pengo likashuka hadi 8. Mtu niliyekaribia kumpekua mbele ya barabara ndiye aliyeandika ukweli tangu siku ile.

Nimewasiliana na msambazaji kuhusu hizo 8.

Mzee_wa_Kikuubo

Haya, nimekaa chini. Lakini 8 bado ni 8.

KaratasiKwanza

Mzee ana haki. Mama, je, mnauza mafuta kwa lita?

MamaStoo_Mbale

Ndiyo, kwa wateja wadogo. Muuzaji hufungua jerikeni na kupima kwa vikombe.

KaratasiKwanza

Na jerikeni inapotoka stoo kwenda kupimwa, inaandikwa wapi?

MamaStoo_Mbale

Haiandikwi popote. Mauzo ya lita yanaingia kwenye daftari dogo, kwa fedha tu. Nimeelewa unakoelekea.

KaratasiKwanza

Chukua fedha za lita za Juni, gawanya kwa bei ya lita, upate lita, kisha gawanya kwa 20. Usisahau kwamba kupima kwa kikombe hupoteza kidogo, na kwamba mkono mkarimu hupoteza zaidi.

MamaStoo_Mbale

Zimetoka lita 58. Kwa hiyo ni jerikeni 3, na ya tatu imebaki na mafuta kidogo chini. Zimebaki 5, yaani shilingi 650,000.

Sasa nifanyeje na hizi 5? Nimwite nani?

AfisaMstaafu_Jinja

Waite wote watatu, lakini mmoja mmoja, ndani, mlango ukiwa umefungwa, pamoja na mtu mmoja wa kuandika. Huu si usikilizwaji wa kinidhamu, kwa sababu hakuna anayetuhumiwa. Ni kuuliza habari, na umwambie hivyo. Usiseme, "Jerikeni zangu ziko wapi?" Sema, "Nieleze jerikeni inavyosafiri tangu gari linapofika mpaka mteja anapoondoka nayo," kisha unyamaze. Kila mmoja aulizwe maswali yaleyale. Usidai una picha ambazo huna, wala usimwambie mmoja kwamba mwenzake amemtaja. Mwishoni asomewe kilichoandikwa na aweze kurekebisha.

Na kama anaelewa Kigisu vizuri kuliko Kiingereza, zungumzeni Kigisu.

Binti_Arua

Na kaka naye aulizwe. Kama ufunguo ni hoja kwa mtunza stoo, ni hoja kwa kaka.

MamaStoo_Mbale

Nilianza naye, ili nisijione mnafiki. Alisema kwamba Juni kulikuwa na msiba kijijini na kwamba alichukua jerikeni "moja au mbili" siku ya Jumapili, na anaamini alimwambia keshia kwa simu. Keshia anakumbuka simu, lakini anasema ilihusu sukari. Sijui nimwamini nani, na simtuhumu yeyote kati yao.

Mtunza stoo alieleza safari ya jerikeni hatua kwa hatua, kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza: siku za mzigo mkubwa hufungua mlango wa nyuma ili vijana wa kupakia wapite, na wakati huo yeye huwa mbele akihesabu. Muuzaji alisema hivyohivyo bila kujua kwamba mwenzake amesema.

Mpakiaji_Mstaafu

Nilisema mimi. Mlango wa nyuma ndio huo.

Mzee_wa_Kikuubo

Au mtunza stoo ameutaja mlango kabla hujautaja wewe. Mwerevu hujitangulia.

Binti_Arua

Mzee, akinyamaza ni mwizi, akisema ni mwerevu. Aseme nini ili umwone mtu mwema?

Mzee_wa_Kikuubo

Mmenishika. Ila bado sijaridhika.

KaratasiKwanza

Hata mimi sijaridhika, lakini kutoridhika si ushahidi. Katika hizo 5, moja au mbili huenda zilikwenda msibani, kadhaa huenda hazikuwahi kuwepo kwa sababu ya rundo lile lililozidishwa, na zilizobaki huenda zilipitia mlango wa nyuma kwa mkono ambao hatujui ni wa nani. Ya Mei hayawezi kuthibitishwa tena, kwa kuwa rundo lenyewe halipo. Mama, andika 5 kama upungufu usioelezwa, utie tarehe, na usiandike jina la mtu kando yake.

AfisaMstaafu_Jinja

Hilo la jina nisisitize. Usimsimamishe mtu, usitoe barua ya onyo, wala usiingize kitu kwenye faili la mfanyakazi yeyote kwa ajili ya hizi 5. Onyo ni adhabu, na adhabu inahitaji kosa la mtu.

MamaStoo_Mbale (baada ya wiki mbili)

Taarifa fupi. Mlango wa nyuma sasa unafunguliwa mtu mmoja wetu akiwa amesimama pale na karatasi, na dereva wa mteja anatia saini idadi kabla lori halijaondoka. Ufunguo wa pili nimeutoa kwenye droo. Jerikeni ya kupimwa kwa lita inaandikwa kwenye kadi ya stoo inapotoka. Kaka amenuna.

Tumehesabu bidhaa kumi kila jioni kwa siku kumi na mbili za kazi. Mafuta hayajapungua hata mara moja. Sabuni ya mche, ambayo niliiweka kwenye orodha ili kujaza kumi tu, ilipungua katoni mbili Alhamisi iliyopita.

Mzee_wa_Kikuubo

Alhamisi nani alikuwa stoo?

KaratasiKwanza

Mzee, subiri. Mama, Alhamisi mlipokea mzigo wa sabuni?

MamaStoo_Mbale

Tulipokea. Ninalitoa faili sasa hivi, na safari hii nitaisoma hati ya kupokelea kabla ya ankara.